Deni la Uji na Barua ya Kumkumbusha Mzazi

Wazazi wenzangu, na ninyi wajumbe wa kamati za shule, muhula unakaribia kuisha na madaftari ya mchango wa chakula yanafunguliwa tena. Wapo waliomaliza, wapo waliotoa nusu, wapo ambao mbele ya majina yao hapajaandikwa kitu. Kamati inapaswa kuwakumbusha, na ni haki yake kufanya hivyo. Ninachoomba tukitazame ni namna ukumbusho huo unavyoandikwa, kwa maana nimeona barua zilizofukuza watoto shuleni bila kuleta hata kilo moja ya mahindi.

Kwanza tuelewane kuhusu deni lenyewe. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi katika shule za Serikali haina ada, na Serikali hupeleka ruzuku ya uendeshaji. Ruzuku hiyo haipiki uji. Chakula cha mchana katika shule ya kutwa ni makubaliano ya wazazi wenyewe katika mkutano wao. Januari 2018 Rais John Magufuli alikemea vikali michango ya lazima na kuagiza mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu hiyo. Baadaye ikafafanuliwa kwamba wazazi wanaotaka kuchangia kwa hiari yao hawazuiwi, ila mwalimu asigeuzwe mkusanyaji. Kwa hiyo anayekumbusha ni mzazi mwenzako kupitia kamati, na anachokumbushia ni ahadi mliyopeana.

Ahadi hiyo ina uzito gani? Tuchukue shule ya watoto 300 katika nyanda za juu kusini. Kila mtoto akitengewa gramu 120 za mahindi kwa siku, chungu cha siku moja kinahitaji kilo 36. Kwa siku 190 za masomo, fungu la mtoto mmoja ni kilo 23 hivi, yaani debe moja na ziada kidogo. Sasa familia 60, kila moja ikiwa na mtoto mmoja shuleni, zisipotoa, stoo itapungukiwa na kilo zipatazo 1,370. Mpishi akiendelea kupima vilevile, mahindi yataisha siku 38 kabla ya shule kufungwa, na wakati huo ndipo darasa la saba wameshamaliza mitihani na hakuna anayekumbuka tena kuitisha mkutano. Wanaoshinda njaa wiki hizo saba na zaidi ni watoto wote, hata wa wale waliolipa mapema. Mzazi mwenye uwezo anayesema "si debe moja tu?" aipige hesabu hii mwenyewe.

Lakini katika hizo familia 60 hawako wenye uwezo peke yao. Kuna mama aliyefiwa, kuna aliyeuza mahindi yake shambani yangali mabichi ili amtibu mtu, kuna bibi anayelea wajukuu wanne. Barua ni moja, inaingia nyumba zote hizo. Tazameni hii, ambayo mfano wake si mgeni kwenu:

"Unakumbushwa kwa mara ya mwisho kulipa mchango wa chakula kabla ya Ijumaa. Ukishindwa, mwanao asije shuleni."

Mwenye uwezo akiisoma anacheka, kwani anajua shule haina mamlaka ya kumfukuza mtoto. Asiye na kitu ndiye anayeitii. Jumatatu mtoto wake haonekani, na mwalimu wa darasa anaandika "mtoro". Vitisho hivyo vimempata mtu asiyestahili. Isitoshe, barua haitaji kiasi kinachodaiwa, haisemi mahindi yanapokelewa au ni fedha tu, wala mtu wa kumwendea hatajwi. Aliyekwisha kutoa nusu anajiona sawa na ambaye hajatoa kitu, naye hukata tamaa.

Sasa someni hii:

"Mzazi mpendwa, salaam. Katika mkutano wetu tulikubaliana kila mtoto atengewe debe moja na nusu la mahindi. Kwa mwanao tumepokea nusu debe, tunakushukuru. Limebaki debe moja. Tunaomba lifike ifikapo mwisho wa Julai, kwa mara moja au kidogo kidogo, kwa mahindi au kwa fedha. Kama mwaka huu hali ni ngumu, tafadhali muone mwenyekiti au mama mweka hazina, nyumbani kwake au shuleni, tupange pamoja. Mazungumzo hayo yatabaki kwetu. Mtoto ataendelea kusoma na kula kama wenzake. Ikiwa umeshatoa na hatukuandika, njoo na stakabadhi turekebishe."

Sentensi ya stakabadhi msiidharau. Madaftari yetu yana makosa, na kumdai mtu alichokwisha kulipa ni kumfanya asilipe tena mwaka ujao. Na ile ya "muone mwenyekiti" inampa mwenye shida jambo analoweza kulitimiza wiki hii hii. Hana debe, ila miguu ya kwenda kwa mwenyekiti anayo. Huko anaweza kuahidi kuni, au kuchota maji ya jikoni kwa siku zitakazokubaliwa, au kuomba asubiri mavuno, au kusamehewa kabisa. Kamati isimdai ushahidi wa umaskini. Mnaishi kijiji kimoja, mnajuana.

Mwezi Julai sikuutaja ovyo. Huku kwetu Januari hadi Machi ndiyo miezi ya ghala tupu, na ndiyo miezi ambayo kamati nyingi hutuma barua kali kwa kuwa shule imefunguliwa. Mkulima anadaiwa mahindi wakati yeye mwenyewe ananunua ya kula. Tuma ukumbusho wiki mbili baada ya mavuno kuanza kuingia nyumbani, kabla wachuuzi hawajayamaliza, utaona tofauti.

Liko jambo la bahasha. Mtoto akipewa barua mkononi na jirani yake asipewe, darasa zima limeshajua. Kusoma majina mstarini, kubandika orodha mlangoni, kuyarusha majina katika kundi la simu la wazazi, yote hayo yanamtoza mtoto aibu ya deni asilolikopa. Barua ziende kwa watoto wote siku moja, zimefungwa. Aliyemaliza apate yake ya shukrani tu. Gharama ni karatasi kidogo zaidi, na hapana mtoto atakayejua ya mwenzake ina nini.

Najua pingamizi. Mtasema, tukitangaza kwamba mtoto atakula hata asipolipiwa, wenye uwezo watajificha nyuma ya maskini. Wengine watafanya hivyo, sikatai. Dawa yake ni wajumbe wawili kumtembelea mzazi wa namna hiyo jioni, bila kelele, na hesabu ya zile siku 38 mkononi. Mzazi huyo hawezi kuikwepa mbele ya watu anaokutana nao kila siku. Lakini kumnyima mwanawe uji ili baba aumie, hilo halifai. Mwenye njaa saa saba mchana ni mtoto.

Na ninyi wenye shida, nawasihi kwa heshima: msinyamaze. Kamati isiyojua kwamba huna, huhesabu debe lako kana kwamba liko njiani, na hupanga chakula kwa mahindi yasiyokuja. Ukienda mapema kusema "mwaka huu sina," itatafuta namna ya kuziba pengo Juni, wakati mahindi bado ni rahisi. Ukisema Oktoba, itayanunua kwa bei ya Oktoba, kama fedha zitakuwepo.

Madeni ya mwaka jana ya waliokwisha kuja kueleza hali zao, kamati iyafute kwa maandishi na iwapelekee nakala. Mkutano mkuu usomewe jumla tu: madebe mangapi yameingia, mangapi yamesamehewa, mangapi bado. Majina yabaki kwenye daftari, na daftari likae kwa mweka hazina.