Bei ya unga ikipanda, usipunguze chapo kimyakimya

Kuna ujanja mmoja ambao wauza chapo wengi hukimbilia unga unapopanda bei katikati ya mwaka. Bei inabaki mbao, ila donge linakatwa dogo. Nasema wazi: huo ujanja ndio unaofukuza wateja, kuliko hata kuongeza bei.

Tulioishi Nairobi mwaka wa 2022 tuliona sinema hii. Urusi ilivamia Ukraine Februari, na Kenya huagiza ngano yake nyingi kutoka nje, ikiwemo ya nchi hizo mbili. Mwishoni mwa Aprili, Indonesia nayo ikafunga kwa wiki kadhaa mauzo ya nje ya mafuta ya mawese. Unga na mafuta, vitu viwili ambavyo chapo haiwezi kukwepa, vikapanda pamoja. Vibandani chapo zikaanza kukonda.

Tuchukue mfano wa hesabu. Pakiti ya kilo mbili inatoa chapo 24 za saizi ya kawaida. Tuseme unga ni Sh150, mafuta Sh75, gesi Sh60, chumvi na sukari Sh15. Jumla ni Sh300, kumaanisha kila chapo inakugharimu Sh12.50. Ukiuza Sh20, unabaki na Sh7.50.

Sasa unga uende Sh200 na mafuta yafike Sh120. Gesi, chumvi na sukari hazijabadilika. Jumla inakuwa Sh395, na kila chapo ni kama Sh16.50. Ukikwama kwenye mbao, unabaki na Sh3.50. Ili upate faida ya zamani, lazima uuze zaidi ya mara mbili ya ulichokuwa unauza. Hao wateja utawatoa wapi?

Ukipunguza donge, mtu wa chapo madondo atajua siku hiyohiyo. Alikuwa akishiba na mbili, leo anamaliza na bado anaangalia sahani. Ukipunguza mafuta ni mbaya zaidi, kwa sababu chapo iliyokuwa laini asubuhi inakuwa ngozi jioni, na anayebeba ya kula nyumbani ndiye anaumia. Hawa watu hawalalamiki. Wanahamia kibanda cha pili tu. Kwa hivyo usiangalie pesa za siku pekee, maana wapita njia wanaweza kuficha shimo. Hesabu wale unaowajua kwa sura: wangapi walikuja wiki hii, na nani hajaonekana?

Njia ninayoiamini ni hii. Kwanza uliza bei kwa maduka mawili matatu ya jumla. Kama ni duka moja tu limepandisha, hama duka. Kama wote wamepandisha na bei imekaa hivyo wiki mbili, badilisha yako mara moja, si shilingi mbili leo na tatu wiki ijayo. Mteja husamehe bei mpya, lakini hachoki kukasirikia bei isiyotulia.

Kwenye mfano wetu, chapo inakuwa Sh25. Hapo unabaki na Sh8.50, na hata ukiuza 22 badala ya 24 hujapoteza faida. Halafu wape wanaokuja kila siku njia yao: chapo tano kwa Sh120. Hiyo ni Sh24 kila moja, faida ileile ya Sh7.50 uliyokuwa nayo. Yaani hujawala, umewapitishia tu kile soko limeongeza. Na kwa mwenye mbao pekee mfukoni, pika ndogo na uiite ndogo. Saizi ndogo iliyotangazwa ni chaguo. Iliyofichwa ni wizi.

Tangaza wiki moja mapema, kwa kalamu ubaoni na kwa WhatsApp: "Wateja wangu, unga umetoka 150 hadi 200, mafuta pia yamepanda. Kuanzia Jumatatu chapo ni 25, tano ni 120. Saizi ni ileile." Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo inauza. Aliyelipia oda kabla ya Jumatatu apate kwa bei ya zamani, bila mjadala.

Najua kuna watakaosema jirani ameng'ang'ana na mbao, kwa hivyo ukipandisha umeisha. Inawezekana, hasa kama mnapikia wafanyakazi wa mjengo wanaohesabu kila shilingi. Hapo ile ndogo ndiyo itakuokoa. Lakini jirani naye ananunua unga uleule. Ama anakula mtaji, ama anakata donge. Yote mawili yana mwisho.

Na unga ukishuka, shusha. Bei iliyopanda kwa sababu ya unga haina sababu ya kubaki juu unga ukirudi. Mteja anayeona umeshusha bila kulazimishwa, siku nyingine ukimwambia vitu vimepanda, ataamini.