Nani kasema jioni huja mwisho?

Wiki iliyopita mpwa wangu wa Shinyanga alirudi na zoezi la Kiswahili lenye kosa jekundu. Ni lile swali tunalolijua wote: sentensi nne zimevurugwa, mtoto azipange kwa herufi A hadi D zilete habari yenye mtiririko. Zilikuwa hizi:

(i) Asubuhi aliyapeleka kwenye karasha, yakasagwa yakawa unga.
(ii) Jioni Masanja aliingia duarani na kiroba kitupu.
(iii) Mchana aliuosha unga huo kwenye mwalo.
(iv) Alfajiri alikitoa kikiwa kimejaa mawe.

Binti alianza na (ii), akafuata (iv), (i), kisha (iii). Akakoseshwa. Eti alfajiri ndiyo inayoanza siku, jioni inaifunga!

Jamani. Huyo aliyesahihisha hajaisoma habari, kasoma saa. Mtoto wa huku kanda ya dhahabu, kuanzia Kahama hadi Geita, anajua kuna wanaoingia shimoni jua likizama na kutoka kukipambazuka. Lakini hata asingejua, sarufi ingemwambia. Ukianza na (iv), hiyo -ki- ya "alikitoa" inashika nini? Inadai kitu cha ngeli ya KI-VI kilichokwisha kutajwa, nacho ni kiroba, kipo (ii). "Aliyapeleka" inadai mawe, yapo (iv). "Unga huo" unadai unga, umetokea (i) mawe yaliposagwa. Kila sentensi imeifunga ile iliyotangulia kwa kamba, na jina la Masanja limetajwa mara moja tu, pale anapoingia. Baada ya hapo ni a-, a-, a-.

Ninachopinga ni ile desturi ya kuwakaririsha watoto "kwanza, kisha, baadaye, hatimaye" kana kwamba maneno ya wakati yanatosha. Yanasaidia, sikatai. Ila "jioni" haisemi ni jioni ya siku gani. Kiambishi cha mtendwa hakina utata huo, angalau mahali kama hapa ambapo kila kitu kina ngeli yake.

Nacho kina mpaka wake. Mwongeze Masanja mwenzake, halafu uandike "alimwambia amrudishie". Nani kamwambia nani? Kiswahili hakitofautishi mke na mume katika a- na -m-, na watu wote wawili wako ngeli moja. Hapo mtunzi wa swali arudie jina, la sivyo anaweza kuwa na majibu mawili sahihi huku akisahihisha moja.

Kwa hiyo walimu mnaotunga mazoezi haya, kabla hamjayapiga chapa futeni "alfajiri", "jioni" na wenzao wote, kisha mpangeni sentensi zilizobaki. Nimefanya hivyo kwa habari ya Masanja. Bila neno hata moja la wakati, imejipanga vilevile alivyoipanga yule binti.