Husika na Kichwa cha Habari Hapo Juu

Barua yangu ya kwanza kwa ofisi ya rasilimali watu ilikuwa na kurasa mbili, na mpaka leo naionea aibu. Nilianza kwa heshima na taadhima. Nikapitia utotoni, koo lililokuwa likiniuma mara kwa mara nikiwa shule ya msingi, homa iliyovimbisha magoti, kisha moyo ulioharibika polepole bila mtu kujua, hadi nilipofanyiwa upasuaji na kuwekewa vali bandia upande wa kushoto wa moyo. Nikamaliza kwa kuomba radhi kwa usumbufu wowote utakaojitokeza. Nilichokuwa nakiomba ni kidogo kuliko maelezo yote hayo: asubuhi moja kila baada ya muda fulani, nikatolewe damu hospitali, kisha nirudi kazini.

Shuleni tulifundishwa barua ya kiofisi kwa umakini mkubwa. Anwani mbili, kumbukumbu namba, Yah kwa herufi kubwa na mstari chini yake. Hakuna aliyetufundisha nini cha kuacha nje. Tulichopokea ni lugha ya kupiga magoti, na msomi mwenye shahada akiugua anaandika kama mtoto aliyevunja kioo cha jirani.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Ombi langu lilikuwa limekubaliwa "kwa mara moja", na kila nitakapohitaji ruhusa niandike upya. Kila asubuhi ya hospitali ingehesabiwa siku moja ya likizo ya ugonjwa. Barua ile ilikuwa imepita kwa msimamizi wangu, kwa katibu muhtasi, masijala, na kurudi kwa afisa, na kila mkono uliyoipokea ulisoma habari za magoti yangu. Mwezi uliofuata nikaondolewa kwenye safari ya kazi ya Dodoma. Sikuandikiwa chochote. Niliambiwa kwenye korido, kwa sauti ya upole, kwamba ni kwa ajili ya afya yangu.

Nieleze kidogo asubuhi yenyewe, maana ubishi wote umejengwa juu ya kutoielewa. Mwenye vali bandia ya aina yangu anameza wafarini kila siku, maisha yote, ili damu isigande juu ya vali. Dawa hii haina kipimo kimoja kinachomfaa kila mtu, wala kinachomfaa mtu mmoja siku zote. Kwa hiyo damu hupimwa inachukua muda gani kuganda, na jibu huandikwa kwenye cheti kama INR. Mtu asiyetumia dawa hii huwa karibu na 1. Mimi natakiwa niwe kati ya 2.5 na 3.5. Nikishuka, bonge la damu linaweza kujijenga kwenye vali, likachomoka na kwenda kwenye ubongo. Nikipanda sana, naweza kuvuja damu ndani bila hata kujikwaa.

Vitu vya kawaida kabisa huisogeza namba hiyo. Wiki ya kula kisamvu na matembele kila jioni, baada ya mwezi wa kutoyagusa, inaweza kuishusha. Vidonge vya metronidazo vinavyonunuliwa duka la dawa mtaani kwa ajili ya tumbo vinaweza kuipandisha vibaya. Na daktari akibadilisha kiasi cha wafarini leo, matokeo hayaonekani kesho. Inabidi kusubiri siku kadhaa ndipo upimwe tena. Ndiyo maana mwanzoni nilikuwa naenda kila wiki, na namba ilipotulia nikawa naenda kila baada ya wiki nne. Namba ikitoka nje ya mpaka, narudi baada ya wiki moja. Tarehe ijayo inatokana na jibu la leo. Fomu ya ofisi yetu ilikuwa na kisanduku cha "tarehe za kutokuwepo kwa mwaka mzima". Nilikaa mbele ya kisanduku hicho kama mtu aliyeulizwa mvua itanyesha siku gani.

Sasa twende kwenye hesabu, kwa sababu hapa ndipo huruma ya ofisi inapogeuka kuwa kitu kingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za kwanza analipwa mshahara kamili, 63 zinazofuata nusu. Sheria inataka cheti cha daktari. Ni kifungu kizuri, lakini kinahesabu siku. Mgonjwa anayeonekana ndani yake ni yule aliyelala kitandani, akapona, akarudi. Mgonjwa kama mimi, ambaye saa tano asubuhi yuko mezani anajibu barua pepe, hakufikiriwa sana.

Chukua miezi yangu 36. Miezi mitatu ya mwanzo, kila wiki, ni mahudhurio 13. Miezi 33 iliyobaki, kila wiki nne, ni kama 36. Jumla 49, hata kabla ya zile wiki ambazo namba inaasi. Kazi inaanza saa mbili, mimi nafika saa tano, kwa hiyo kila hudhurio linaigharimu ofisi muda wa saa tatu. Jumla ni saa 147, na kwa siku ya kazi ya saa nane hizo ni siku 18 na kidogo. Ukihesabu kama ofisi yetu ilivyohesabu, ni siku 49. Kati ya siku 63 za mshahara kamili zinabaki 14, za malaria, za kuvunjika mguu, na za vali yenyewe ikileta shida. Siku zaidi ya 30 ambazo nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu nikifanya kazi, nikila chakula cha mchana na wenzangu, zimeandikwa kwamba nilikuwa mgonjwa nyumbani. Siwezi kuuita huo utaratibu. Ni kumtoza mtu kitu ambacho hakukichukua.

Nilipolileta hili kwa afisa, aliniangalia kwa masikitiko ya kweli. "Mdogo wangu, mbona sisi tunakuonea huruma sana? Wengine hapa hata kliniki hatuwaruhusu hivi." Nikamwambia, "Dada, huruma naishukuru. Lakini naomba tuhesabu saa." Akasema mfumo haupokei saa.

Basi nikafanya ambacho wengi wetu tunafanya, nikaanza kuiba afya yangu mwenyewe. Hudhurio moja nililiruka kwa sababu barua mpya ilikuwa haijasainiwa. La pili nililiruka kwa sababu niliona haya kuandika tena. Wiki ya kumi bila kupimwa, nikiwa jikoni asubuhi, kikombe kilianguka kutoka mkono wa kulia. Nikajaribu kumwita dada yangu, mdomo ukatoa maneno kama ya mlevi. Ilidumu kama dakika kumi, ikaisha kabisa. Namba yangu siku hiyo ilikuwa 1.6. Daktari hakunifokea. Aliniuliza tu kwa nini sikuja, na nikasikia kinywa changu kikijibu, "Ruhusa ilichelewa."

Sitaki kudanganya kwamba ofisi ndiyo iliyoangusha kikombe. Ningeweza kwenda bila saini nikaandikiwa onyo, na leo ningechagua onyo. Lakini utaratibu unaomtaka mtu aombe upya kitu kilekile kila mwezi unajua unachofanya: unamchosha hadi aache kuomba, kisha kwenye taarifa ya mwaka mahudhurio yanaonekana mazuri.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kijinga. Kuna watu wanaotumia neno kliniki kwenda kufuatilia kiwanja Kibaha. Kuna dawati linalobaki bila mtu. Ofisi ina haki ya kujua ni lini sitakuwepo, nani atashika nafasi yangu, na kama kweli nilikuwa hospitali. Mambo hayo matatu ni yake. Jina la ugonjwa, historia ya magoti, picha ya moyo wangu, hayamo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti, na bado masijala nyingi zinazipitisha katika faili la kahawia lililo wazi, pamoja na maombi ya karatasi za printa.

Kwa hiyo barua yangu ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja. Iliandikwa hivi, nikiondoa anwani:

"Yah: Utaratibu wa kutokuwepo kwa muda mfupi kwa ajili ya matibabu endelevu. Niko kwenye matibabu ya muda mrefu yanayonitaka kufika hospitali Jumanne moja kila baada ya wiki nne. Siku hiyo nitafika kazini saa tano asubuhi. Jibu la kipimo likihitaji nirudi mapema, nitaitoa taarifa siku hiyohiyo, na nitarudi hospitali ndani ya siku saba kwa muda uleule. Taarifa ya kila wiki nitaikamilisha Jumatatu jioni, na mwenzangu wa dawati la pili amekubali kupokea simu zangu. Nitawasilisha kadi ya mahudhurio yenye mhuri kila ninaporudi. Napendekeza muda huu uhesabiwe kwa saa, saa nane zikiwa siku moja, na kibali kimoja kitumike kwa miezi 12. Cheti cha daktari kimo kwenye bahasha iliyofungwa, kwa ajili ya Afisa Rasilimali Watu pekee."

Hakuna taadhima. Hakuna usumbufu utakaojitokeza. Nilimwomba daktari aandike kwenye cheti kwamba niko chini ya uangalizi wake, kwamba mahudhurio hayawezi kusogezwa bila hatari, na kwamba naweza kufanya kazi yangu yote, safari zikiwemo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo niliyoipigania zaidi. Dodoma bado inaniuma.

Msimamizi wangu aliisoma akasema ina kiburi. Nilimuuliza ni mstari upi. Akaisoma tena, akasema si mstari, ni "namna tu".

Walijibu baada ya siku nne. Kibali kimoja cha miezi 12, ndiyo. Bahasha ilifika ikiwa bado imefungwa, na afisa aliifungua mbele yangu. Kuhusu saa, walikutana nami katikati: kila hudhurio linahesabiwa nusu siku, hivyo 49 zangu zinakuwa siku 24 na nusu badala ya 18. Kipengele cha kurudi ndani ya siku saba walikikataa. Mara hizo bado natakiwa kuandika upya. Nimeshaandika barua ya tatu kuhusu hicho. Ina aya mbili, na jana nilimkabidhi katibu muhtasi akanigongea mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu.