Dola ya DXY si dola ya Machakos

Nimekuwa kimya kidogo, kazi za wateja zimenibana, na leo nimerudi nikiwa na hasira. Mnivumilie.

Hapa Machakos kuna kikundi cha simu ambacho mtu hulipia ada ili atumiwe chati tatu kila asubuhi: bei ya dhahabu, fahirisi ya dola (DXY), na riba halisi ya hatifungani za Marekani za miaka 10. Chini yake kuna amri: dola na riba halisi zikishuka, nunua, zikipanda, uza. Sina ugomvi na kutazama chati tatu. Ni afadhali kuliko kupiga ramli kwa mishumaa ya dhahabu peke yake. Ugomvi wangu ni kwamba mbili kati ya hizo si chati za mtu anayeweka akiba kwa shilingi.

Mantiki yenyewe ni nzuri. Dhahabu hailipi riba. Serikali ya Marekani ikikuahidi asilimia 2 juu ya mfumuko wa bei, kukaa na dhahabu kunakugharimu hiyo asilimia 2. Hiyo ndiyo riba halisi. Na kwa kuwa dhahabu huuzwa kwa dola, dola ikipata nguvu mnunuzi mwenye sarafu nyingine huiona imekuwa ghali, naye hupunguza kununua. Hadi hapo tunakubaliana.

Sasa tuangalie miezi miwili ya 2024. Mwisho wa Januari wakia ya dhahabu ilikuwa karibu dola 2,050, na mwisho wa Machi karibu 2,215. Katika muda huo riba halisi ya Marekani ilipanda kutoka karibu asilimia 1.7 hadi 1.9, na DXY nayo ikapanda kidogo. Kwa amri ya kikundi ilitakiwa uuze, na dhahabu ikapanda asilimia 8! Tangu 2022, akiba ya fedha za kigeni ya Urusi ilipozuiwa, benki kuu za nchi kadhaa zimenunua dhahabu kwa wingi, na mnunuzi wa aina hiyo hajali sana riba ya Marekani.

Lakini hilo silo lililoniudhi. Binamu yangu hakuifuata amri. Alinunua mwisho wa Januari kwa shilingi 100,000, bila mkopo wowote. Alibahatisha, na dhahabu ikapanda. Mwisho wa Machi alikuwa amepoteza karibu shilingi 11,000.

Fanyeni hesabu nami. Dola ilikuwa karibu shilingi 160 aliponunua, kwa hivyo wakia moja ilikuwa shilingi 328,000. Alipouza dola ilikuwa karibu 132, na wakia hiyo ikawa 292,380. Serikali ilikuwa na deni la dola bilioni 2 la kulipwa Juni 2024, na kila mtu aliogopa kwamba tutashindwa. Februari ikauza hatifungani mpya ya dola bilioni 1.5 na kununua tena sehemu kubwa ya lile deni. Hofu ikaisha, shilingi ikaruka. DXY haikuonyesha lolote, na haingeweza: zaidi ya nusu yake ni yuro, na iliyobaki ni yeni, pauni, dola ya Kanada, krona ya Uswidi na faranga ya Uswisi. Shilingi haimo.

Na riba halisi? Februari hiyohiyo Benki Kuu ya Kenya iliuza hatifungani ya miundombinu, isiyotozwa kodi, kwa asilimia 18.46. Mfumuko wetu wa bei ulikuwa asilimia 6.3. Toa moja kwa nyingine: karibu 12. Kwa binamu, gharama ya kukaa na dhahabu haikuwa 1.7 ya Marekani, ilikuwa 12 ya hapa nyumbani. Kiwango cha chini cha kununua kilikuwa shilingi 100,000. Ndiyo, zilezile.

Kwa hivyo mimi huchora hivi:

```python
d["xau_kes"] = d.xau_usd * d.usd_kes
d["riba_halisi"] = d.hatifungani - d.mfumuko
w = d.xau_kes.resample("W-FRI").last().pct_change()
```

Mstari wa mwisho una sababu. Kikundi hulinganisha viwango: chati mbili zinazopanda kwa miaka, mizani mbili, vuta huku na kule hadi zifanane. Hata bei ya unga utaifananisha na dhahabu hivyo. Linganisha mabadiliko ya wiki kwa wiki, kipindi kwa kipindi, ndipo utaona uhusiano ukilegea.

Tahadhari moja: mfumuko ninaoutoa ni uliopita, wakati soko la Marekani hukadiria ujao. Hapa kwetu sina kipimo bora zaidi. Mwenye nacho anitumie, nitabadilisha msimbo.