Wingi wa Mashahidi si Uzito wa Ushahidi

Mei 23, 2015, Sista Irene Stefani, ambaye Wakikuyu wa Gikondi walimwita Nyaatha, alitangazwa Mwenyeheri mjini Nyeri. Muujiza uliompa daraja hilo ulisimuliwa kutoka Nipepe, kaskazini mwa Msumbiji. Januari 1989, vita vikiwa vimepamba moto, mamia ya watu walijificha kanisani kwa siku kadhaa wakiomba kwa jina lake. Inasemekana maji machache ya ubatizo, yaliyokuwa ndani ya gogo lililochongwa, yaliwatosha wote kunywa, na kichanga aliyezaliwa humo akaogeshwa kwayo.

Wengi huko Nyeri, Karatina na Nanyuki huona kwamba umati wote huo hauwezi kukosea. Hoja hiyo ina sauti kubwa kuliko nguvu.

Mwanafalsafa Mskoti David Hume aliiwekea mzani mwaka 1748. Kanuni ya maumbile, alisema, inashuhudiwa na uzoefu wa watu wote. Anayedai imevunjwa aulizwe lipi ni gumu zaidi kuaminika: kwamba ilivunjwa kweli, au kwamba msimulizi amekosea? Binadamu hukosea kila siku.

Jibu moja kali dhidi ya Hume limesimama juu ya Nyeri yenyewe. Desemba 1849 mmisionari Ludwig Krapf, akiwa Kitui, aliuona Mlima Kenya ukiwa na theluji. Mwanajiografia William Cooley, mezani kwake London, aliikataa theluji ya ikweta. Mzani wa Hume ungempa haki, naye angekosea vilevile. Uzoefu wa mtu una mipaka, na mkaidi huita mipaka hiyo maumbile.

Jibu la pili lina nguvu zaidi. Mwaka 1837 Charles Babbage alionyesha kwa hesabu kwamba mashahidi wakiongezeka, uwezekano wa wote kukosea hushuka upesi. Ikiwa kila mmoja hukosea mara moja katika kumi, sita kukosea pamoja ni mara moja katika milioni. Hapo Hume hana pa kukimbilia, ila sharti ni moja: kila shahidi awe ameona kivyake, bila kumsikia mwenzake.

Sharti hilo ndilo linaloiangusha hoja ya umati. Waliokuwa Nipepe walikaa chumba kimoja, kwa hofu na kiu ileile, wakiomba sala ileile. Kisha wakaishi na simulizi hiyo pamoja hadi Roma ilipoipitisha mwaka 2014. Kimahesabu, mamia hao wako karibu na shahidi mmoja kuliko mamia. Hawakuwa waongo, na hakuna haja ya kuwasingizia. Aliyeshikwa na kiu hapimi maji, na Januari huko ni majira ya mvua. Theluji ya Krapf iliweza kuendewa tena: Halford Mackinder alifika kileleni mwaka 1899. Maji ya Nipepe hayana pa kuendewa. Kanisa linaweza kumheshimu Nyaatha kwa kuwauguza wapagazi wa vita na wagonjwa wa Gikondi, mambo ambayo hayahitaji mzani wa Hume.