Usiniambie Nitulie, Nihesabie

Wiki mbili kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula, vimbweta vyote hujaa mpaka saa sita usiku, na magrupu ya madarasa hujaa video. Ukifungua moja unakuta muziki laini, picha ya bahari, na sauti inayokwambia: usiogope, amini, tulia. Mwanazuoni mwenzangu, nani aliwahi kutulia kwa kuambiwa atulie? Mtu ambaye mapigo ya moyo wake anayasikia masikioni anahitaji kupewa kazi ndogo ya kufanya, na ahesabiwe muda wa kuifanya. Hiyo ndiyo hoja yangu, na nimeipata kwa kukosea.

Muhula huu wenzangu wa serikali ya wanafunzi waliniomba niandike video fupi ya kuwatuliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nasoma ualimu, na somo la saikolojia ya elimu nimeshalipita, kwa hiyo nilijiona mtaalamu. Muswada wangu wa kwanza ulikuwa na maneno zaidi ya 500 kwa video ya dakika 4. Nilianza kwa kutaja sapu, kudisko na bumu kukatwa, nikidhani nawaonyesha kwamba nawaelewa. Kisha nikaandika: "Vuta pumzi kwa nguvu, jaza kifua chote, ishikilie, toa. Tena! Tena!"

Nilimjaribia mwenzangu wa chumbani, ambaye siku hiyo alikuwa na hofu ya kweli kwa sababu ya pepa la takwimu. Baada ya dakika moja na nusu akavua spika za masikioni. "Kaka, kichwa kinazunguka. Na vidole vinanichoma kama nimevikalia. Hii ya kwako imeniongezea."

Nilicheka kwanza, kisha nikaenda kusoma. Kumbe nilimfanya apumue kupita kiasi. Mtu aliyekaa kitako hatumii hewa nyingi. Akivuta pumzi kubwa mfululizo, anatoa kabonidayoksaidi kwa kasi kuliko mwili unavyoitengeneza. Kiwango chake kwenye damu kikishuka, mishipa ya damu ya ubongo hubana na kuleta kizunguzungu, na vidole na midomo navyo huingia ganzi. Mwenye hofu tayari anapumua haraka. Ukimwambia avute nyingi zaidi, unamsukuma kulekule alikokuwa anaelekea. Dalili unaziona kwa macho: mabega yanapanda, mdomo uko wazi, anapiga miayo bila usingizi.

Kinachosaidia ni pumzi ndogo, ya taratibu, yenye mkia mrefu. Moyo wa kawaida huongeza mwendo kidogo tunapovuta hewa na kuupunguza tunapoitoa, na kupunguza huko hupitia kwenye neva iitwayo vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kushuka mpaka kifuani na tumboni. Kwa hiyo tunarefusha upande wa kutoa. Nilichagua kuvuta kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6. Hiyo ni sekunde 10 kwa mzunguko mmoja, yaani pumzi 6 kwa dakika, wakati mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 12 na 20. Kushikilia pumzi nilikufuta kabisa, kwa sababu mtu mwenye hofu anaweza kuhisi anakabwa.

Halafu kuna suala la sauti. Kwa bahati, Kiswahili kimetupa zawadi hapa: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, zote zina silabi mbili mbili, kwa hiyo hesabu inatoka kwa mdundo ulio sawa bila kujilazimisha. Lakini mdomo una haraka zake. Niliporekodi mara ya kwanza na kupima kwa saa ya simu, hesabu yangu ya sita ilichukua chini ya sekunde 4. Msikilizaji angekuwa anahema kunifuata mimi. Mara ya pili nilirekodi macho yakiwa kwenye mshale wa sekunde, neno moja kwa kila sekunde.

Huu hapa muswada uliobaki. Ukiuchukua kwa ajili ya darasa lako, usome kwa sauti unayomsomea mdogo wako mgonjwa, na uheshimu vile vipande vya kimya, maana ndivyo vinavyofanya kazi.

Sekunde 40 za mwanzo: "Karibu. Kama moyo unakwenda mbio, mwili wako haujaharibika, unajaribu kukusaidia. Tutapumua pamoja kwa dakika mbili, basi. Ukihisi kizunguzungu, acha, rudi kwenye pumzi yako ya kawaida."

Sekunde 20 za kukaa: "Kaa. Nyayo zote mbili chini. Legeza mabega. Mkono mmoja uweke tumboni. Unaweza kufumba macho, au kutazama kitu kimoja. Sasa toa hewa iliyomo, taratibu."

Mizunguko 3 ya kuhesabiwa, sekunde 30: "Vuta kwa pua, kidogo tu, kama unanusa chai. Moja, mbili, tatu, nne. Toa kwa mdomo, polepole, kama unapooza chai bila kuimwaga. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita." Maelezo ya chai yanasemwa kabla ya kuanza kuhesabu, mara moja tu. Mizunguko miwili inayofuata ni "vuta" na "toa" zikichukua nafasi ya "moja", halafu namba zinaendelea.

Mizunguko 9 bila kuhesabiwa, sekunde 90: hapa msomaji anasema "vuta" na, sekunde 4 baadaye, "toa". Basi. Katikati anaweza kuongeza sentensi moja tu: "Akili ikikimbilia kwenye pepa, ni kawaida. Irudishe kwenye mkono ulio tumboni."

Sekunde 40 za kufunga: "Acha sasa kuongoza pumzi, ijiendeshe. Sikia nyayo zako. Ukifumbua macho, andika mada moja tu utakayoisoma kwa dakika 20 zijazo. Na kama usingizi umekukimbia kwa siku nyingi, au unawaza kujidhuru, usibaki peke yako. Mwambie leo mtu unayemwamini, na nenda ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi au kituo cha afya."

Jumla ni dakika 3 na sekunde 40. Hakuna bahari wala sura ya mtu, kuna duara moja linalopanuka na kusinyaa. Hivyo faili linakuwa dogo, na asiye na bando anaweza kutumiwa sauti peke yake bila kupoteza kitu.

Mwenzangu wa chumbani alijaribu tena jioni iliyofuata. Kilichomsumbua safari hii ni kwamba hesabu ya 6 ilikuwa ndefu kwake, hewa iliisha kwenye 5 akaanza kujikaza. Basi tukapunguza, 3 kuvuta na 5 kutoa, akatulia. Ndiyo maana nasema namba si sheria. Kinachobaki palepale ni kwamba kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, na kusiwe na kujikaza. Mwenye pumu au tatizo lingine la kifua afuate kwanza alichoambiwa na daktari wake, na zoezi lolote la kupumua linalomzidishia hofu aliache bila aibu. Wapo watu ambao kuifuatilia pumzi kwenyewe ndiko kunakowatisha. Hao kutembea kutoka hosteli mpaka getini kunawafaa zaidi.

Najua yapo mabishano. Rafiki yangu mmoja alinikatisha: "Ratiba imetubana pepa tatu ndani ya siku mbili, na nyie mnatuletea kupumua?" Ana haki. Mtu ambaye hajasoma hatajibu swali kwa kupumua vizuri, na ratiba mbovu inarekebishwa kwa barua na kikao. Ningechukia kuona video hii ikitumwa kama jibu la malalamiko ya ratiba. Serikali ya wanafunzi ifanye kazi zote mbili, na isihesabu hii ndogo kuwa ni ile kubwa.

Lakini pia sikubaliani na wanaotaka hofu yote iondoke. Mwaka 1908 Yerkes na Dodson waliwafundisha panya kuchagua njia sahihi, wakiwapiga shoti ya umeme kila walipokosea. Kazi ilipokuwa ngumu, shoti kali iliwachelewesha kujifunza kuliko ya wastani. Sisi si panya, na jaribio lile limetafsiriwa mpaka limevutwa kupita uwezo wake. Hata hivyo, kila aliyewahi kusoma usiku wa mwisho anajua kwamba wasiwasi kidogo unamkalisha mtu kitini na wasiwasi mwingi unamfutia hata jina la mhadhiri. Video inapaswa kumshusha mtu hatua moja, mpaka aweze kusoma swali na kulielewa. Ikimshusha mpaka alale, nayo imekosea.

Ndiyo maana zoezi lianze siku kumi kabla, wakati umetulia, dakika 2 asubuhi na 2 kabla ya kulala. Ukilijaribu kwa mara ya kwanza mlangoni mwa ukumbi, nusu ya akili itakuwa inatafuta hesabu badala ya kutulia. Ndani ya chumba cha mtihani huna video wala simu, unabaki na kile ambacho mwili umekizoea. Na hapo huhitaji dakika mbili. Mizunguko 3 ni sekunde 30, kwenye pepa la saa 3 hutaidai sehemu yoyote.

Pepa la takwimu lilipoisha, nilimsubiri mwenzangu nje. Sikumuuliza, akaanza mwenyewe. "Swali la kwanza lilinitoa mchezoni kabisa. Nikaweka kalamu chini, nikapooza chai mara tatu, nikaanza na la nne." Nikamuuliza kama amefaulu. Akasema hajui, na la kwanza alilirudia mwisho akajibu nusu tu. Matokeo bado hayajatoka. Jana usiku nimemsikia upande wa pili wa chumba, taa imezimwa, anahesabu.