Sabuni za mitishamba Rangwi: Neno 'hutibu' linavyobadili biashara

WAGENI wanaotembea kwa miguu katika milima ya Usambara, kutoka Lushoto kwenda Mtae, wengi hulala Rangwi. Kwa mama mwenye sufuria, mizinga michache ya nyuki na mikaratusi nyuma ya nyumba, hilo ni soko linalopita mlangoni. Soko la pili liko Lukozi, ambako wachuuzi hukusanyika kununua mboga na wangeweza kushuka na sabuni hadi Mombo na Tanga.

Kinachokwamisha bidhaa nyingi za aina hii mara nyingi si sabuni yenyewe. Ni karatasi iliyobandikwa juu yake.

Hadi mwaka 2019, vipodozi vilikuwa chini ya Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Kuanzia Julai 1, 2019, usimamizi wa chakula na vipodozi ulihamia Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na iliyokuwa TFDA ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mtengenezaji anayeendelea kuchapa herufi za TFDA kwenye lebo anataja mamlaka isiyokuwepo kwa jina hilo.

Jambo zito zaidi ni mpaka kati ya ofisi hizo mbili. Sheria ya mwaka 2003 ilieleza kipodozi kuwa ni kitu kinachopakwa au kumiminwa mwilini kwa ajili ya kusafisha au kupendezesha, na ikaviweka kando vitu vinavyokusudiwa kutibu au kuzuia maradhi. Maana yake ni kwamba kipande kilekile cha sabuni kikiandikwa "husafisha ngozi" ni kipodozi, na njia yake ni TBS. Kikiandikwa "hutibu fangasi na ukurutu", mwenye nacho amejitangaza kuwa muuza dawa. Atadaiwa ushahidi wa tiba, ambao kwa jiko la nyumbani haupatikani.

Mfano wa mama wa Rangwi unasaidia kuona kazi ilivyo. Anapika sabuni kwa gramu 500 za mafuta ya mawese, gramu 300 za mafuta ya nazi na gramu 200 za alizeti. Kwa mchanganyiko huo anahitaji gramu 145 za kostiki soda, iliyoyeyushwa katika gramu 300 za maji. Kipimo hicho kinabakiza sehemu ndogo ya mafuta bila kugeuka sabuni, na ndiyo inayofanya sabuni isikaushe ngozi. Kostiki humiminwa ndani ya maji, kamwe si maji juu ya kostiki, na macho na mikono vifunikwe. Mwishoni anaongeza gramu 20 za unga wa majani makavu ya rozmari.

Lebo yake ya viambato inaanza na kilichotumika kwa wingi na kushuka: mawese, maji na mafuta ya nazi, alizeti, kostiki soda, rozmari. Kwa usajili na kwa mnunuzi wa nje atahitaji pia majina ya kimataifa ya viambato hivyo, na hapo ofisa wa SIDO au TBS anaweza kumwelekeza. Wapo wanaoficha kostiki soda kwa kuogopa kumtisha mteja, kisha wanaandika "haina kemikali". Hilo ni uongo usio na faida. Bila kostiki hakuna sabuni ya kipande, na ikipimwa vizuri humalizika yote katika kugeuza mafuta.

Siku moja mafuta ya nazi yanakosekana. Mama anajaza pengo kwa alizeti, gramu 300 zaidi, na kostiki anaacha palepale kwenye 145. Mafuta ya nazi hunywa kostiki nyingi kuliko alizeti. Mchanganyiko mpya, hata mafuta yote yakigeuka sabuni, unatumia takriban gramu 138 tu, na uliotakiwa ulikuwa na kama gramu 132. Zinazozidi zinabaki ndani ya sabuni na kuunguza ngozi. Dalili yake ni unga mweupe au vimfuko vya majimaji ndani ya kipande, na ukigusa povu lake kidogo kwa ncha ya ulimi unahisi mchomo kama wa betri. Wakati huohuo lebo iliyochapwa mwezi uliopita imegeuka ya uongo, kwa kuwa inataja nazi isiyokuwepo. Ndiyo maana kila pishi linahitaji namba yake, tarehe yake na ukurasa wake katika daftari. Mteja akirudi na malalamiko, namba hiyo inaonyesha ni vipande vipi viondolewe sokoni.

Uzito nao una mtego wake. Kipande kilichokatwa kikiwa na gramu 110 hupungua maji yanapokauka, na katika ukungu na baridi ya Rangwi ukaukaji huchukua zaidi ya wiki nne hadi sita za kawaida. Mizani itumike baada ya kukauka, na lebo iandike uzito wa wakati huo. Madoa ya rangi ya chungwa yakijitokeza, mafuta yameanza kuchacha.

Kwa mafuta ya mgando, sehemu moja ya nta kwa sehemu tano za mafuta hushika vizuri mlimani lakini huweza kulegea kwenye joto la Mombo, hivyo anayeuza tambarare atumie sehemu nne za mafuta. Majani yakaushwe kabisa kabla ya kulowekwa kwenye mafuta. Maji ya mshubiri mbichi yakiingia, ukungu utafuata.

Ni kwenye mafuta haya ndiko ahadi kubwa huandikwa: mafua, pumu, baridi yabisi. Mkaratusi hutoa harufu inayoleta hisia ya kupumua kwa urahisi, lakini hisia hiyo haifungui kifua cha mwenye pumu. Mzazi anayeiamini lebo anaweza kuchelewesha mtoto hospitali usiku mmoja usiofaa. Tena mkaratusi na kafuri vikipakwa usoni mwa mtoto mdogo vinaweza kumletea shida ya kupumua, na kafuri ikimezwa huleta degedege. Lebo ya kweli ingesema: "Hulainisha ngozi kavu na midomo iliyopasuka. Ina mafuta ya mkaratusi. Usimpake mtoto chini ya miaka miwili. Usimeze."

Ahadi ya "huua vijidudu" nayo haifai, hata kwa sabuni za viwandani. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani ilipiga marufuku viambato 19, triklosani ikiwamo, katika sabuni za kunawia za matumizi ya kawaida. Watengenezaji walikuwa wameshindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni ya Rangwi ikiandikwa "husafisha" haijapungukiwa kitu.

Kwa anayeanza, mlango wa kwanza ni SIDO, anakopata mafunzo na barua ya utambulisho inayotambuliwa na TBS katika kuwahudumia wajasiriamali wadogo. Akague pia mahali anapopikia, maana ukaguzi huangalia jengo pamoja na bidhaa, na jiko ambamo ugali wa familia unasongwa jirani na ndoo ya kostiki litakataliwa kwa haki. Chumba kidogo chenye mlango wake, meza inayosafishika na kabati la kufungwa kwa ufunguo kije kabla ya kuchapa lebo elfu moja.